Nyumba ya mjomba, mtoto wa Likoni, na maneno ambayo hayamo kwenye wosia

*Shikamoo wakili. Mjomba wangu, mstaafu wa bandarini, alifariki Februari 2023. Wosia wake wa Machi 2022 unasema nyumba ya Changamwe "namwachia mpwa wangu", basi. Lakini Agosti 2022 aliniita hospitalini akanifungulia siri kwamba ana mtoto Likoni ambaye nyumbani kwake hawamjui. Akaniambia: "Nyumba si yako, wewe ni mlango tu. Ni ya mtoto." Nikamjibu, "Sawa mjomba." Wosia huohuo unampa rafiki yake shilingi 600,000 "kwa kazi niliyomweleza", na huyo rafiki anasema alielezwa Krismasi ya mwaka huohuo kwamba ni karo ya mtoto. Binamu zangu wamesikia, wanasema maneno ya mdomo hayana nguvu mbele ya wosia wenye mashahidi, vyote virudi kwao. Ni kweli? Sisi ni Wakristo. — Mpwa, Changamwe*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Binamu zako wameshika nusu ya ukweli, lakini wameiegemeza kwenye nyumba, na hapo haitawafaa kitu. Ingeweza kuwafaa kwenye zile laki sita.

Walichosema sawa ni hiki. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inataka wosia wa maandishi uwe na sahihi ya mwenyewe au alama yake, na mashahidi wasiopungua wawili waliomwona akitia sahihi au aliowakubalia kwamba sahihi ni yake, nao watie zao mbele yake. Hicho ni kifungu cha 11. Wosia wa mdomo upo pia, kifungu cha 9, ila ni lazima usemwe mbele ya mashahidi wawili, na msemaji awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu auseme. Mjomba wako alisema Agosti, akafa Februari. Hiyo ni miezi sita. Tena mlikuwa wawili tu, wewe na yeye. Kwa hiyo ukiyapeleka mahakamani maneno ya hospitalini ukayaita wosia, yataanguka siku hiyohiyo, na wala sitamlaumu hakimu.

Usiyaite wosia basi. Yaite kwa jina lake, amana. Sisi watu wa pwani neno hili tunalo toka utotoni: mtu anakuwekea kitu chake, wewe unakishika, lakini si chako. Wanasheria wa Kiingereza wana jambo lao wanaloliita amana ya siri, na ndilo hili lililokukuta. Mtu anaandika wosia safi, anaacha mali kwa fulani bila sharti lolote linaloonekana. Pembeni, akiwa hai bado, amemwambia huyo fulani kwamba mali akiipata amshikie mtu mwingine, na fulani amekubali. Wosia haumtaji huyo mwingine hata kwa herufi moja. Sababu ni kwamba wosia haubaki siri. Mwenye nao akifa, wasii wake anaupeleka mahakamani pamoja na maombi ya kuuthibitisha, tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze, na faili ile mtu anaweza kuomba kuisoma. Mjomba wako angeandika jina la mtoto mle, mkaza mjomba wako angelisoma kabla arubaini haijaisha.

Lile fungu la rafiki ni ndugu wa hili, ila si pacha. Pale wosia wenyewe unakiri kwamba pesa si za rafiki, ni za kazi fulani. Kinachofichwa ni kazi gani. Hiyo tunaiita amana nusu siri, maana pazia limefunguliwa nusu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Utaona mbele inagharimu laki sita.

Sasa swali lako lenyewe: kwa nini mahakama iyasikilize maneno ya kitandani wakati bunge limesema sahihi na mashahidi wawili? Jibu la kale ni la uso wa mtu. Sheria ile ya mashahidi iliwekwa kumlinda marehemu asizushiwe maneno, kwa kuwa hawezi tena kujitetea. Haikuwekwa ili mtu aliyemwahidi mgonjwa akiwa amemshika mkono aje baadaye akunje mkono huohuo na kusema, "Nionyesheni palipoandikwa." Kama mjomba wako asingekuamini, angebadili wosia wake Septemba, muda alikuwa nao. Hakuubadili kwa sababu ulisema "Sawa mjomba". Mahakama kuu ya rufaa ya Uingereza, Baraza la Malodi, lilisema katika kesi ya McCormick dhidi ya Grogan ya mwaka 1869 kwamba sheria ya maandishi haitaruhusiwa kuwa chombo cha ulaghai. Mali inapita kwa wosia hadi mkononi mwako, hilo halipingwi. Ila dhamiri yako imefungwa, na mahakama itakulazimisha kufanya ulichokubali.

Kesi hiyo yatufikia hata huku. Sheria yetu ya Mahakama, Sura ya 8, inasema pale ambapo Katiba na sheria zetu zilizoandikwa hazijafika, mahakama za Kenya zitatumia kanuni za insafu, yaani za haki na dhamiri, za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya watu wa hapa inavyoruhusu. Grogan ni wa 1869, kwa hiyo kanuni hiyo ilikuwepo tayari. Kesi za baada ya tarehe hiyo hazimfungi jaji wa Mombasa, anazisikiliza tu kama mtu anavyomsikiliza jirani mwenye uzoefu.

Jibu hilo la ulaghai ni zuri kwako, lakini lina tundu. Mfikirie rafiki wa mjomba. Yeye hawezi kumlaghai mtu akala zile laki sita hata akitaka, maana wosia wenyewe umesema ni za kazi. Akikana kwamba aliambiwa chochote, pesa hazibaki kwake, zinarudi kwenye mali ya marehemu. Ulaghai wa kujinufaisha uko wapi? Kwa hiyo amana nusu siri ilikaa muda mrefu bila uhakika hadi mwaka 1929, katika kesi ya Blackwell. Bwana mmoja aliacha kwa nyongeza ya wosia pauni 12,000 kwa watu watano, "kwa madhumuni niliyowaonyesha". Waliokusudiwa ni mwanamke wa nje na mtoto wake. Mjane na mwanawe halali wakapinga, hoja yao ikiwa ileile ya binamu zako. Malodi wakakataa hoja hiyo. Walisema ulaghai si lazima ujinufaishe: ni ulaghai pia kumwacha marehemu afe akiamini, kisha imani ile ivunjwe na waliokusudiwa wakose.

Ndipo likazuka jibu la pili, nalo ndilo linalofundishwa sana siku hizi: kwamba amana hizi haziko ndani ya wosia hata kidogo, ziko nje yake. Zimeundwa kati ya watu wawili walio hai, kwa maneno na ridhaa. Wosia kazi yake ni kuleta mali tu. Kifungu cha mashahidi kinautazama wosia, na wosia umekamilika. Amana haihitaji mashahidi kwa sababu haikuwa wosia toka mwanzo. Kuna kesi ya 1951, ya Young, inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo. Dereva wa marehemu alikuwa shahidi wa wosia, na sheria ya Kiingereza humnyima shahidi zawadi yoyote iliyomo kwenye wosia aliousaini. Baadaye ikajulikana kwamba katika amana nusu siri dereva huyohuyo alikuwa ametengewa pauni 2,000. Jaji akasema apewe: hachukui kwa wosia, anachukua kwa amana iliyo nje.

Mimi mwenyewe jibu hili la pili sijawahi kulimeza lote. Amana ya watu walio hai huwa na mali mle ndani tangu siku inapoundwa. Agosti ile mjomba wako alikuwa mwenye nyumba bado. Angeweza kuiuza Oktoba, angeweza kuchana wosia Novemba, na wewe na mtoto msingekuwa na neno. Kitu kinachosubiri kifo ili kiwe na nguvu, na ambacho mwenyewe anaweza kukifuta mpaka pumzi ya mwisho, kinafanana mno na wosia. Ukinibana kwenye kona nitakuambia ukweli: sheria imeamua kuvumilia upungufu wa karatasi kwa sababu mbadala wake ni kumlipa mwenye kuvunja ahadi. Kisha wanazuoni wakaja kutafuta nadharia ya kuufunika uamuzi ule. Lakini mahakama haikudai tuwe na nadharia moja. Inadai tuthibitishe mambo matatu: kwamba marehemu alikusudia kukufunga na si kukushauri tu, kwamba alikuambia akiwa hai, na kwamba ulikubali.

Kukubali ni rahisi. "Sawa" inatosha, na hata kunyamaza kunatosha kama ulielewa na hukukataa, maana kunyamaza kwako ndiko kulikomfanya asiubadili wosia. Kuambiwa nako kupo. Na kwa amana ya siri kamili kama yako, kuambiwa Agosti baada ya wosia wa Machi hakuna tatizo: muda unafungwa na kifo, haufungwi na tarehe ya wosia.

Mahali ambapo kesi hizi hufia ni kwenye kukusudia. Yule Grogan wa 1869, ambaye kesi yake ndiyo imebeba kanuni nzima, alishinda yeye, na waliokuwa wakidai amana wakaanguka. Marehemu, akiwa anakufa kwa kipindupindu, alimwita akamwambia kuna barua mezani pamoja na wosia. Barua ilikuwa na orodha ya watu wa kupewa, ila mwishoni ikasema kwa maana yake kwamba hatakiwi kuifuata neno kwa neno, atumie busara yake kama ambavyo marehemu angefanya. Malodi wakasema huo ni mzigo wa moyoni, si wa mahakamani. Mwaka 1979, katika kesi ya Snowden, bibi mzee alimwachia kakake mabaki ya mali yake kwa kuwa "atajua la kufanya". Kaka akafa siku sita baada yake. Jaji akasema hapo hapana amana, palikuwa na matumaini ya dada kwa kaka. Jaji huyo alisema pia kwamba kipimo cha ushahidi ni kile cha kawaida cha madai, cha lipi lina uwezekano zaidi, isipokuwa pale anapotuhumiwa mtu ulaghai.

Yapime maneno ya mjomba wako kwa mizani hiyo. Angesema "utamwangalia mtoto wangu", ningekuambia hapo ni heshima yako tu. Angesema "utajua la kufanya", vilevile. Lakini alisema nyumba si yako. Akataja mali ni ipi na mtu ni nani. Na neno "mlango" mimi nalipenda kuliko istilahi zote tulizofundishwa darasani, maana mlango unapitisha, haubaki na kitu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya wiki hii ni kuyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, usiyapambe, usiyafanye ya kisheria. Andika ilikuwa wodi gani, saa ngapi, nani alikuwa kitanda cha jirani, nini kilizungumzwa kabla. Kisha uende kwa wakili au kamishna wa viapo uyageuze kuwa hati ya kiapo. Ushahidi wako una uzito wa pekee kwa sababu unakuumiza wewe: hakuna anayezua uongo wa kujipokonya nyumba.

Hapo ndipo hoja ya binamu zako inapowageukia. Tuchukulie mahakama inakubaliana nao kwamba maneno ya Agosti ni upepo. Nyumba inakwenda wapi? Haiendi kwao. Wosia unasema "namwachia mpwa wangu", bila sharti, na sharti la pembeni likifutika inabaki zawadi kamili kwako. Ilitokea hivyo kwa Wallgrave mwaka 1855: marehemu alikuwa na nia, lakini hakuwaambia kitu wale aliowaandika, nao wakabaki na mali kama yao. Mali hurudi kwenye urithi pale tu unapokubali kuwa mshika amana lakini hukuambiwa ni ya nani hadi kifo. Mwaka 1884, kesi ya Boyes, wakili mmoja alikubali kumshikia mteja mali kwa maelekezo atakayopewa kwa barua. Barua ikaokotwa kwenye makaratasi baada ya mazishi. Wakili alikuwa tayari kabisa kumpa mama aliyetajwa, lakini mahakama ikasema hapana, hakuambiwa marehemu akiwa hai, mali irudi kwa warithi. Wewe uliambiwa mtu. Kwa hiyo binamu zako wakishinda hoja yao wamekutajirisha wewe, si wao.

Utaniuliza: kama vyovyote iwavyo nyumba inakuja kwangu, na mimi nataka kumpa mtoto, tunagombania nini? Tunagombania siku ambayo wewe hutakuwepo au hutakuwa wewe uliyeandika swali hili. Kama nyumba ni yako na unampa mtoto kwa hisani, ukifa kesho inaingia kwa warithi wako, na ukidaiwa mdai wako anaweza kuifikia. Kama ni amana, haikuwa yako hata siku moja. Katika kesi ya Ottaway ya 1972, mwenye nyumba aliiacha kwa mtumishi wake wa nyumbani kwa makubaliano ya mdomo kwamba naye akifa aiache kwa mwana wa mwenye nyumba. Mama yule akaandika wosia wake, nyumba akampa rafiki. Alipokufa, jaji akaifuata nyumba mpaka kwa huyo rafiki na kumtaka aishike kwa ajili ya mwana. Amana inamfuata hata mtu wa tatu aliyeipata bure.

Kesi hiyo inajibu pia jambo ambalo binamu zako hawajalifikiria, ila wakili wao atalifikiria: nyumba ni ardhi, na ardhi hupenda maandishi. Ottaway ilikuwa nyumba na maneno yalikuwa ya mdomo matupu. Huku kwetu, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinataka mikataba ya kuuza au kuhamisha ardhi iandikwe, lakini chenyewe kinaziacha nje amana zinazotokana na mazingira au zinazowekwa na mahakama kwa ajili ya haki. Wanasheria hubishana kama amana ya siri ni ya kundi hilo au ni amana iliyotamkwa wazi. Kwa mdomo wa marehemu na "sawa" yako, mimi ningeitetea kuwa ya kundi hilo. Na kabla ya yote hayo, hakikisha mjomba wako alikuwa na nini hasa. Mombasa yetu hii ina nyumba zisizo na ardhi tele, mtu anamiliki kuta na mabati huku kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Kama ni hivyo, unachoshika ni nyumba tu, na usipolipa kodi ile utampotezea mtoto mali yake huku unamtetea kortini.

Tuje kwa rafiki na laki sita zake. Hapa sina habari njema ya moja kwa moja. Kwa amana nusu siri, mahakama za Uingereza zimeshikilia kwamba kuambiwa lazima kuwe kabla ya wosia au siku ileile ya wosia. Kesi ya Keen ya 1937 ilianguka hapo: marehemu alikuwa ameshatoa bahasha iliyofungwa kabla ya wosia, na bahasha iliyofungwa inakubalika, kama nahodha anayeondoka na amri zilizofungwa atakazosoma baharini. Lakini wosia ulijiachia nafasi ya kutaja watu baadaye, na hilo ndilo lililoiangusha amana. Hoja yao ni kwamba mtu asijihifadhie uwezo wa kubadili wosia wake baadaye bila mashahidi. Rafiki wa mjomba aliambiwa Krismasi, miezi tisa baada ya Machi. Tena wosia unasema "niliyomweleza", kana kwamba imeshaelezwa, na kumbe bado. Kwa kanuni hiyo amana inaanguka, rafiki habaki na kitu, pesa zinarudi kwenye mali ya marehemu.

Kanuni hiyo naiona dhaifu. Imechanganywa na kanuni nyingine iliyopo hata kwenye kifungu cha 12 cha sheria yetu, kwamba karatasi inayotajwa na wosia iwe imeshaandikwa ndipo ihesabike sehemu ya wosia. Lakini kama amana iko nje ya wosia, kama wanavyotufundisha wenyewe, tarehe ya wosia inaingiaje? Mahakama za Ireland zimezitendea amana zote mbili sawa, mwisho wa muda ukiwa kifo. Keen ni ya 1937, Blackwell ni ya 1929, zote baada ya 12 Agosti 1897, kwa hiyo jaji wetu ana nafasi ya kuchagua. Ningeipigania hoja hiyo, ila nisingemwahidi rafiki kwamba atashinda. Kwanza mwambie akumbuke vizuri. Watu hukumbuka Krismasi kwa sababu ya pilau, wakasahau kwamba jambo lenyewe lilianza kuzungumzwa Februari kwenye matatu. Kama aliguswa sikio kabla ya wosia, na Krismasi ilikuwa kukumbushana tu, mambo yanabadilika. Asibuni, akumbuke. Miaka kadhaa nyuma mzee mmoja alinijia na bahasha akitaka aiache kwenye sanduku lake nyumbani, rafiki yake ataikuta. Nilimrudisha nayo mtaani, nikamtaka amkabidhi rafiki mkononi leo, rafiki aandike "nimepokea" na tarehe nje ya bahasha, na kesho ndipo tusaini wosia. Alininung'unikia kwa usumbufu ule.

Na hata pesa zikirudi, binamu zako wasifurahi mapema. Angalia kama wosia umesema mabaki ya mali yaende kwa nani. Kama haukusema, fungu hilo linagawiwa kama la mtu aliyekufa bila wosia, na kifungu cha 3 cha sheria kinamhesabu kuwa mtoto yule ambaye mwanamume alimkubali kuwa wake au alijitwika malezi yake ya kudumu. Kwa njia hiyo mtoto wa Likoni anaweza kuingia kwa mlango wa mbele kwenye pesa walizodhani wamemnyima. Mjomba alilipa karo yake? Alimpeleka kliniki? Mama yake ana jumbe za M-Pesa? Hizo zitafutwe sasa kabla simu hazijabadilishwa.

Mlango huo huo, lakini, unawafungukia wengine. Kifungu cha 26 kinamruhusu mtegemezi kuomba mahakama imwekee fungu kama wosia haukumtosheleza, na kifungu cha 29 kinamtaja mjane na watoto kuwa wategemezi. Nyumba inapita kwako kwa wosia, kwa hiyo ni sehemu ya mali ambayo mahakama inaweza kuigusa. Ikiwa mkaza mjomba wako ameachwa bila paa, hiyo ndiyo kesi halisi ya upande wa pili. Ombi hilo lazima liletwe kabla hati ya wasii haijathibitishwa, kwa hiyo angalieni faili iko hatua gani.

Neno moja kwa wasomaji wangu Waislamu, maana nanyi mtasoma. Mirathi ya Muislamu haiendeshwi na Sura ya 160, inafuata sheria ya Kiislamu, na huko wasia hauzidi theluthi ya mali wala haumfikii mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Ahadi ya pembeni haiwezi kuvusha kitu ambacho wasia wa wazi usingeweza kukivusha. Kwa mtoto asiyerithi kwa baba yake, theluthi ile ndiyo njia, na muulize kadhi kabla hamjamfungulia mtu siri.

Wewe mpwa, nunua kaunta buku leo. Vyumba vya Changamwe vina wapangaji, na kama nyumba ni ya mtoto, kodi pia ni yake, kuanzia alipofariki mjomba. Andika kila shilingi iliyoingia, kila bati lililotengenezwa, kila kilichokwenda Likoni, na pesa zikae kwenye akaunti isiyochanganyika na mshahara wako. Akitimiza miaka 18 mtoto ana haki ya kuja kukudai hati na hesabu, na "Sawa mjomba" uliyoitamka wodini haitakuwa jibu la swali la kodi ya Machi ilikwenda wapi. Na usiuze, usiweke rehani, wala usikubali kikao cha ukoo kikusainishe karatasi yoyote kabla hujaisoma na wakili wako. Kama wewe ulikuwa mmoja wa mashahidi wawili wa ule wosia wa Machi, nipigie kabla ya hayo yote: kifungu cha 13 kinaifuta zawadi anayopewa shahidi, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Zawadi yako ikifutika, hakuna kitakachopita mlangoni.